Hakuna Shida Si Jibu

Mgeni akiandika kuuliza kama kuna kitanda cha ziada, Mkenya wa kawaida humjibu kwa maneno mawili: hakuna shida. Tunaipenda hiyo sentensi. Inasikika kama ukarimu. Lakini hebu isome tena ukiwa wewe ndiye uliyeuliza, uko Nairobi, mtoto mgongoni, na safari ni Ijumaa. Kitanda kipo au hakipo? Kiko kwa usiku wote au mmoja tu? Ni bure au kinalipiwa? Kitaingia kwenye hicho chumba, ama mtalala mkiwa mmeziba mlango? “Hakuna shida” haijajibu hata moja.

Nafanya kazi mapokezi katika gesti moja hapa Muthara, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Si hoteli ya nyota. Tuna vyumba kumi na vinne, jikoni moja, na simu moja ya kazi ambayo mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku tunabadilishana. Wageni wetu ni watu wa biashara ya miraa, watu wa harusi na mazishi, maafisa wa miradi, na familia zinazoenda Mbuga ya Meru kupitia Maua zinazotaka kulala njiani kwa bei ya kibinadamu. Hao wa mwisho, pamoja na wa harusi, ndio huleta watoto. Ndio maana karibu kila wikendi swali hili huingia kwa simu: mna kitanda cha ziada? Mna cha mtoto? Ni pesa ngapi?

Kuna mmoja aliandika, “Mna koti ya mtoto?” Mwenzangu wa usiku, mtu mzuri sana, akamjibu kwamba hatuna ila sokoni mitumba ipo, na ni kweli huku kuna baridi, afadhali wamnunulie. Tulicheka wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo mimi huandika kwa urefu: kitanda cha mtoto, kile chenye vizuizi pande zote nne. Na kile kingine nakiita kitanda cha kukunja. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na jibu zuri huanza kwa kuvitenganisha.

Wacha nichukue ujumbe mmoja tu, wa mwaka uliopita, niupitie hatua kwa hatua. Uliingia Jumatatu usiku kwa WhatsApp:

“Habari. Tunakuja Ijumaa, tunaondoka Jumapili. Mimi, bwanangu, mtoto wa miezi saba na mamangu. Tunataka chumba kimoja cha dabo. Tunaweza pata kitanda cha ziada na kitanda cha mtoto? How much?”

Kitu cha kwanza ninachoangalia ni umri wa mtoto. Hapa ameshanipa, sihitaji kuuliza. Miezi saba anafaa kitanda cha vizuizi bila wasiwasi. Angekuwa na miaka miwili unusu ningefikiria tofauti, kwa sababu mtoto anayeweza kuinua mguu juu ya kizuizi anaweza kuanguka kutoka juu yake, na hapo kitanda cha chini ni salama zaidi kuliko cha juu. Kwa hivyo mtu akiniandikia “mtoto” tu bila umri, swali langu la kwanza ni hilo, kabla hata ya bei. “Mtoto” kwa mama zetu ni mtu yeyote hadi aoe.

Kitu cha pili ni daftari. Sisi tuna vitanda viwili vya mtoto na vitatu vya kukunja. Hiyo ndiyo idadi tuliyo nayo, lakini si idadi ninayoweza kumpa mgeni. Ninachoweza kumpa ni kile kilicho wazi usiku wa Ijumaa na pia usiku wa Jumamosi, kikiwa kilekile. Hapa ndipo watu wengi huteleza: wanaangalia siku ya kufika tu. Ijumaa ile, vitanda vyote vitatu vya kukunja vilikuwa wazi. Ukiishia hapo unajibu “viko vingi.” Lakini Jumamosi viwili vilikuwa vimeahidiwa watu wa harusi. Kwa hivyo kwa mgeni wa usiku mbili, kilikuwapo kimoja. Unachukua usiku wenye vitanda vichache zaidi. Huo ndio unaokupa jibu.

Vya mtoto navyo vilikuwa na hadithi yao. Kimoja kilikuwa na mgeni aliyeingia Alhamisi na kutoka Jumamosi asubuhi. Kwa macho, Jumamosi kinarudi, kiko wazi. Lakini mgeni mwingine alikuwa ameshakiomba kwa Jumamosi hiyohiyo, na katikati kinahitaji kupanguswa, kubadilishwa shuka na kukauka. Huku Nyambene ukungu ukishuka, shuka haikauki kwa saa mbili. Kikabaki kile cha pili. Nikaandika jina lake kwa penseli kwenye mistari ya usiku zote mbili, papo hapo, kabla ya kujibu. Ukijibu kwanza ndipo uandike, mwenzako wa zamu ya usiku atakiahidi mtu mwingine na nyote wawili mtakuwa mmesema ukweli.

Kitu cha tatu ni chumba chenyewe, na hapa lazima uwe na futi kamba. Chumba chetu cha kawaida ni futi tisa kwa kumi. Kitanda cha dabo ni tano kwa sita. Ukikisukuma kwenye kona, ubavuni panabaki futi nne. Cha kukunja kina upana wa futi mbili na nusu, kwa hivyo kikilala ukutani upande wa pili, katikati unabaki mwanya wa futi moja na nusu. Mtu anapita kwa ubavu. Sawa, inawezekana. Sasa ongeza kitanda cha mtoto, futi mbili kwa nne. Miguuni pa kitanda kikubwa kuna futi nne tu, na humo ndimo mlango hufungukia na kabati limesimama. Kitanda cha mtoto kitakaa nyuma ya mlango. Usiku mtu akitaka kutoka haraka, iwe ni moshi, iwe ni mtoto amepata homa, mlango unagonga vizuizi. Kwa hivyo chumba cha kawaida kinameza kitu kimoja, ama cha kukunja ama cha mtoto. Si vyote viwili. Vyumba vyetu vikubwa, futi kumi kwa kumi na tatu, vinameza vyote na bado mlango unafunguka wote.

Kwa hivyo ombi lake kama lilivyo, chumba cha dabo cha kawaida pamoja na vitanda viwili vya ziada, jibu la kweli ni hapana. Lakini hapana ya kwanza haimaanishi mazungumzo yameisha. Inamaanisha nianze kupiga hesabu.

Bei zetu wakati huo zilikuwa hivi. Chumba kikubwa shilingi 3,200 kwa usiku, watu wawili na chai ya asubuhi. Chumba cha kawaida 2,500 kwa watu wawili, 1,800 kwa mtu mmoja. Kitanda cha kukunja 900 kwa usiku. Kitanda cha mtoto 300, mara moja tu, hata mkikaa wiki.

Watu huuliza kwa nini kimoja kinalipiwa kila usiku na kingine mara moja. Si kubahatisha. Anayelala kwenye kitanda cha kukunja anakunywa chai na kula mayai kila asubuhi, anaoga maji ya moto kila siku, anatumia taulo. Gharama yake inajirudia kila kunapokucha. Mtoto wa miezi saba hali mayai yetu. Gharama yake ni kufua shuka mbili ndogo, kupangusa mbao, na kijana wetu kukibeba kutoka stoo. Hiyo ni kazi ya mara moja. Ukitoza kitanda cha mtoto kwa usiku, mgeni wa usiku tano atalipa 1,500 kwa shuka mbili, na atakuwa na haki ya kukuona mwizi. Kuna gesti zinazokitoa bure, na si vibaya. Sisi tunatoza kidogo kwa sababu pesa hiyo ndiyo hununua godoro jipya dogo, na godoro dogo huchoka haraka kuliko unavyodhani.

Basi hesabu ya kwanza: chumba kikubwa usiku mbili, 6,400. Kitanda cha kukunja usiku mbili, 1,800. Cha mtoto, 300. Jumla 8,500.

Ningeweza kumtumia hiyo nikalale. Lakini kulikuwa na neno moja kwenye ujumbe wake lililonikaa: mamangu. Aliyeandika ni mke. Kwa hivyo huyo mama ni mkwe wa bwana. Wewe ambaye umekulia Rongai unaweza kusema, so what, si ni familia. Huku kwetu, Tigania yote, wazee hawawezi kusikia kwamba mwanamume amelala chumba kimoja na mama mkwe wake. Kuna heshima fulani kati ya hao wawili, na chumba cha kulala kiko mbali sana nayo. Huyo mama angekubali, kwa sababu mama zetu hukubali kila kitu ili wasiwe mzigo. Halafu angekaa usiku mbili na kanga yake amejifunika hadi kichwani, akingoja kila mtu alale ndipo aende choo.

Sasa mimi ni mtu wa mapokezi. Sina kazi ya kumuuliza mgeni mambo ya nyumba yake. Siwezi kumwandikia “samahani, mna mpango gani na mama mkwe.” Ninachoweza kufanya ni kupiga hesabu ya pili na kuiweka hapo kando ya ile ya kwanza, bila neno lolote. Chumba cha kawaida kwa wao wawili na mtoto, usiku mbili: 5,000. Chumba cha mtu mmoja kwa mama, usiku mbili: 3,600. Kitanda cha mtoto: 300. Jumla 8,900.

Umeona? Tofauti ni shilingi 400. Kwa 400, mama anapata chumba chake, choo chake, na mlango wa kufunga. Watu wengi huomba kitanda cha ziada wakiamini ndiyo njia ya bei nafuu, na mara nyingi ni kweli. Lakini mtu wa nne akiwalazimisha kuhamia chumba kikubwa, ile nafuu inayeyuka. Mgeni hawezi kujua hivyo akiwa Nairobi. Anayejua ni yule aliye na daftari na bei mbele yake, na asipomwambia, hakuna mwingine atakayemwambia.

Jibu nililotuma ni hili, neno kwa neno:

“Habari ya usiku, mama. Karibuni Muthara. Ijumaa na Jumamosi tuna nafasi, na kitanda cha mtoto kipo kwa usiku zote mbili. Nimekiandika kwa jina lako. Chumba cha kawaida hakitoshi vitanda vyote viwili, mlango hautafunguka vizuri, kwa hivyo chagua moja kati ya hizi:

A. Chumba kimoja kikubwa, kitanda cha kukunja na cha mtoto. Jumla ya usiku mbili: 8,500.

B. Chumba cha kawaida chenye kitanda cha mtoto, na chumba cha mtu mmoja mlango wa pili. Jumla ya usiku mbili: 8,900.

Bei zina chai ya asubuhi kwa watu wazima watatu na kodi zote, hakuna cha kuongeza mkifika. Kitanda cha mtoto kina godoro na shuka. Hatuweki mto wala blanketi ndani, na usiku kuna baridi, kwa hivyo mletee nguo nzito ya kulala. Nitawashikia hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni. Mkithibitisha, tuma 2,000 na salio mtalipa mkifika.”

Ni jibu refu kuliko “hakuna shida,” lakini linasomwa kwa dakika moja, na halimwachi na swali. Nieleze mistari miwili mitatu hapo.

“Kodi zote.” Hapa Kenya kuna VAT ya asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 ambao hoteli hulipa kwenye mauzo yake. Hiyo ni hesabu yangu na bosi wangu, si ya mgeni. Akisoma 8,900 anataka kujua kama akiweka 8,900 kwa M-Pesa amemaliza. Na bei ya kitanda cha ziada haswa ndiyo hupenda kujificha: mtu anaomba, anaambiwa “tutakupangia,” halafu Jumapili asubuhi inatokea kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, hairuhusu anayetoa huduma kumtoza mtu ada ambayo hakujulishwa kabla ya huduma. Sheria kando, ugomvi wa risiti Jumapili asubuhi, na watoto wameshaingia kwa gari, ni kitu cha kuepuka kwa nguvu zote.

“Hatuweki mto wala blanketi.” Huu ndio mstari ambao hunigombanisha na wageni, hasa nyanya. Wanaona kitanda kitupu, godoro na shuka tu, wanadhani tumewabania. Lakini mtoto mchanga hulala salama akiwa chali, kwenye godoro gumu, bila kitu laini karibu na uso wake, kwa sababu hawezi kujisukuma akizibwa pumzi. Baridi inapigwa na nguo anayovaa, si blanketi zito ambalo linaweza kumpanda usoni usiku wa manane. Ndiyo maana nasema mapema, ili wabebe. Ukimwambia mtu akishafika saa tatu usiku, na maduka yamefungwa, atachukua blanketi la kitanda kikubwa, na wewe hutakuwepo.

Kitanda chenyewe nakikagua kabla ya kukiahidi, si baada. Naingiza vidole viwili kati ya godoro na ubavu. Vikipita na nafasi ikabaki, godoro ni dogo na mtoto anaweza kukwama hapo. Najaribu kupitisha mkebe wa soda kati ya mbao za vizuizi. Ukipita, mwanya ni mpana na mwili wa mtoto unaweza kupita kichwa kikabaki. Natikisa kila kona kusikia skrubu. Vitanda vyetu vyote viwili vilitengenezwa na fundi wa hapa kwa mbao za grevilia, na vizuizi vyake havisongi. Tulikuwa tumeletewa kingine cha mitumba, kizuri kwa macho, kile ambacho upande mmoja huteremshwa chini ili umtoe mtoto bila kuinama. Bosi alikipenda. Lakini Marekani walipiga marufuku kuuza aina hiyo mwaka 2011, baada ya watoto kunaswa na kufa upande ulipoachia, na hoteli za huko zikapewa hadi mwisho wa 2012 kuviondoa. Kitu kikikataliwa kwingine, kuna siku huishia kwenye mitumba yetu. Hicho tulikipigilia misumari kikawa rafu ya taulo.

“Hadi Jumatano.” Bila tarehe ya mwisho, ahadi yangu haina mwisho, na kitanda kimoja kitawashikia watu watano wasiokuja. Na bila pesa kidogo mkononi, tarehe ni maneno. Mgeni naye anapata uhakika: hadi saa hiyo, kitanda ni chake hata akija mwingine na pesa taslimu.

Alijibu asubuhi: B. Halafu akaongeza, “Asante sana. Sikuwa najua nitaanzaje kuuliza hiyo ya mum.” Bwana yake ndiye aliyetuma zile 2,000, tena ndani ya dakika tano.

Wale wanaoweka nafasi kupitia mitandao ya hoteli nao nawaambia kitu kimoja. Kile kisanduku cha maombi maalumu unachojaza “cot please” ni ombi tu. Kujaza si kupata. Hadi gesti ikuandikie kwamba kipo na kinagharimu kiasi fulani, huna kitanda, na mara nyingi ile jumla uliyoona kwenye skrini haijakihesabu. Ukikaa siku mbili bila jibu, piga simu. Uliza mambo matatu: kipo usiku zote? Ni ngapi, kwa usiku au mara moja? Kitakuwa chumbani kabla hatujafika?

Na zipo siku ambazo jibu ni hapana kabisa. Desemba, vyumba vimejaa, vitanda vyote vya mtoto viko kazini. Hapo mimi hujibu haraka kuliko ninavyojibu ndiyo. Familia ikijua Jumatatu kwamba hakuna, inaweza kuazima kile cha kukunja cha jirani, ikakitia kwa buti, na sisi hatutozi kitu kwa kitanda ulichokuja nacho. Ikijua Ijumaa usiku, baada ya zaidi ya saa nne barabarani, mtoto atalala katikati ya watu wazima wawili waliochoka, chini ya blanketi zito la Nyambene. Na kila mtu atakuwa ameambiwa hakuna shida.